Pawatila, dola na mkataba wa forwadi: jinsi ya kufunga bei na kuiandika vitabuni

Muagizaji wa pawatila wa Mwanjelwa, Mbeya, ananunua kwa dola na kuuza kwa shilingi. Mteja wake anatoka Igurusi, Chimala au Ubaruku, kashauza mpunga, fedha iko mfukoni, na anataka bei ya leo. Kumwambia "subiri tuone dola itakavyoamka" ni kumpeleka duka la jirani. Tena tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zimekataza kutaja bei na kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo hata yule aliyezoea kubandika bei ya dola dukani hana tena njia hiyo ya kumtwisha mteja mzigo.

Kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa hupita miezi minne au mitano. Aliyekuwa na deni la dola mwaka 2024 anajua kinachoweza kutokea hapo katikati: shilingi ilishuka hadi kufika karibu 2,700 kwa dola, kisha kabla mwaka haujaisha ikapanda na dola moja ikanunuliwa kwa chini ya 2,500. Dawa yake ni forwadi, yaani mkataba wa kununua dola baadaye kwa bei iliyokubaliwa leo, na mwongozo huu unafuata oda moja tangu benki hadi pawatila zinapouzwa. Viwango vya fedha na riba nilivyotumia ni vya mfano tu, ila hesabu ndivyo inavyofanyika. Kwenye vitabu ninafuata kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 9 kamili. Kampuni inayotumia kile kiwango cha biashara ndogo na za kati nayo inaruhusiwa kufanya uhasibu wa kinga, yaani kuishikilia faida au hasara ya forwadi kwenye akiba ndani ya mtaji hadi ikutane na kile inachokikinga, lakini namna ya kuitoa faida hiyo kwenye akiba si ileile, kwa hiyo isinakili maingizo yangu kabla ya kuzungumza na mkaguzi.

Hatua ya 1: Jua hasa unachokinga

Oda yetu ni pawatila 50 kutoka China, dola 2,000 kila moja, jumla dola 100,000. Mkataba wa ununuzi umesainiwa tarehe 2 Mei. Malipo ni tarehe 15 Septemba dhidi ya nyaraka: benki inalipa, muagizaji anakabidhiwa hati ya shehena, na mkataba unasema mali inahama siku hiyohiyo. Mwaka wa hesabu wa kampuni unaishia 30 Juni. Hiyo tarehe iliyokaa katikati ya safari ndiyo itakayotusumbua baadaye.

Kwa kuwa mkataba umesainiwa, hii ni ahadi thabiti. Ingekuwa bado ni mpango tu, kinga ingeruhusiwa mradi ununuzi uwe na uwezekano mkubwa sana wa kutokea, na hapo mkaguzi atataka kuona ulivyoagiza miaka iliyopita, bajeti, na barua mlizoandikiana na msambazaji. Kauli ya mwenye duka kwamba "tutaagiza tu" haitoshi.

Ushuru, gharama za bandari na lori la kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya nimeziacha pembeni. Zinalipwa kwa shilingi na forwadi haizigusi.

Hatua ya 2: Omba bei benki

Mkulima wa Ubaruku anayeuza mpunga ungali shambani, bei na idadi ya magunia vikakubaliwa leo na mzigo utolewe baada ya mavuno, anaielewa forwadi hata kama hajawahi kuisikia. Hapa bidhaa ni dola. Unakubaliana na benki leo kiasi, bei na tarehe. Siku ikifika unatoa shilingi zilizokubaliwa na benki inatoa dola, soko liwe limekwenda juu au chini.

Tawi la Mbeya litapokea maombi yako, lakini bei yenyewe hutoka kwa watu wa hazina makao makuu. Nenda na profoma na mkataba wa ununuzi, kwa sababu benki itataka kuona biashara halisi nyuma ya hizo dola. Itataka pia dhamana: ama una kikomo cha mkopo kilichokwisha kuidhinishwa, ama utaweka sehemu ya fedha taslimu mpaka mkataba uive. Fedha hiyo iliyofungwa ni gharama, iulizie kabla ya kusaini.

Watu wengi wakiona bei ya forwadi iko juu ya bei ya leo hudhani benki inabashiri kuwa shilingi itashuka. Sivyo. Bei ya forwadi hutokana na tofauti ya riba za fedha hizo mbili. Benki ingeweza kununua dola leo na kuziweka hadi Septemba. Ikifanya hivyo inaikosa riba ya shilingi, ambayo ni kubwa, na kuipata ya dola, ambayo ni ndogo. Pengo hilo ndilo linaloingia kwenye bei:

```
F = S × (1 + rTZS × siku/365) / (1 + rUSD × siku/365)
```

Bei ya leo (S) ikiwa 2,600, riba ya shilingi asilimia 10, ya dola asilimia 5, na siku 136, jibu ni kama 2,648. Benki ikakupa 2,655. Hizo shilingi 7 za juu ni faida yake, na ndizo unazoweza kubishania. Usipoteze muda kubishania 48. Omba bei kwenye benki mbili au tatu siku moja, saa zinazokaribiana, maana bei ya asubuhi na ya jioni hazilinganishiki.

Tunafunga 2,655. Oda sasa ina bei ya shilingi 265,500,000, na kwa upande wa fedha kazi imeisha. Kilichobaki ni vitabu.

Hatua ya 3: Andika karatasi ya kinga siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na haina namna ya kurudiwa. Uhasibu wa kinga ni hiari, na unaanza siku karatasi yake ilipoandikwa. Ukiikumbuka wiki mbili kabla ya ukaguzi, huruhusiwi kuirudisha nyuma hadi Mei. Mabadiliko yote ya thamani yaliyopita yataenda moja kwa moja kwenye faida na hasara.

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa oda yetu unaweza kusomeka hivi:

*Tarehe 2 Mei. Lengo: kufunga gharama kwa shilingi ya ununuzi wa bidhaa unaolipwa kwa dola, kulingana na sera ya kampuni ya kukinga oda zote zinazozidi dola 50,000. Kinachokingwa: malipo ya dola 100,000 ya pawatila 50, oda iliyosainiwa leo, yatakayofanyika 15 Septemba. Kifaa cha kinga: forwadi ya kununua dola 100,000 kwa 2,655, kuiva 15 Septemba, yote nzima. Hatari: mabadiliko ya bei ya dola kwa shilingi. Aina: kinga ya mtiririko wa fedha. Uwiano: moja kwa moja. Ufanisi: kiasi, sarafu na tarehe vinalingana, hivyo thamani zitakwenda kinyume kwa kiasi kilekile, kinachoweza kuharibu ulinganifu ni tarehe ya malipo kusogea, oda kupunguzwa, au hali ya benki kuzorota.*

Kanuni za zamani za IAS 39 zilidai ufanisi uangukie kati ya asilimia 80 na 125. IFRS 9, iliyoanza kutumika lazima Januari 2018, iliuondoa mstari huo. Sasa inauliza mambo matatu: je, kuna uhusiano wa kiuchumi kati ya kinga na kinachokingwa? Je, hatari ya mkopo, yaani ya upande mmoja kushindwa kulipa, haijaufunika uhusiano huo? Je, uwiano ulioandikwa ndio unaotumika kweli? Vipimo vikuu vikilingana kama hapa, maelezo ya maneno yanatosha.

Kiwango kinaruhusu pia kutenga sehemu ya riba iliyomo ndani ya forwadi na kukinga kwa bei ya papo kwa papo, yaani bei ya dola ya siku yenyewe, peke yake. Kwa duka lenye oda mbili tatu kwa mwaka sioni faida ya kujitafutia kazi hiyo. Teua forwadi nzima.

Ingizo la siku hii halipo. Forwadi mpya iliyofungwa kwa bei ya soko ina thamani ya sifuri au karibu yake, na oda bado haijaingia vitabuni.

Hatua ya 4: Tarehe 30 Juni, mwaka unafungwa

Zimebaki siku 77. Dola iko 2,690, na anayefunga leo forwadi ya 15 Septemba anapewa 2,715. Sisi tuna 2,655. Tofauti ni shilingi 60 kwa dola, yaani 6,000,000 kwa dola 100,000. Lakini milioni hizo sita zitapatikana Septemba, kwa hiyo zinaletwa kwenye thamani ya leo kwa riba ya shilingi: 6,000,000 gawanya kwa 1.0211, unapata kama 5,876,000.

Forwadi ni lazima ionekane kwenye mizania kwa thamani hiyo, uwe unafanya uhasibu wa kinga au hufanyi. Swali ni upande wa pili wa ingizo uende wapi.

Bila uhasibu wa kinga, krediti inaingia kwenye faida ya mwaka huu. Tazama lilivyo jambo la ajabu: pawatila hazijafika, hakuna hata moja iliyouzwa, shilingi imeshuka na oda imekuwa ghali zaidi, lakini taarifa inaonyesha kampuni imepata faida ya karibu milioni 6. Mwenye duka akiiona ataita: "Mhasibu, hii faida mbona siioni benki?" Na ana haki ya kuuliza. Ni nusu ya hadithi iliyofika kabla ya nusu yake nyingine.

Kwa uhasibu wa kinga, ingizo ni hili:

Debiti: Mali, forwadi ya dola, 5,876,000
Krediti: Akiba ya kinga ya mtiririko wa fedha, 5,876,000

Akiba hiyo iko ndani ya mtaji na inapitia taarifa ya mapato mengine ya jumla, chini kabisa ya mstari wa faida ya mwaka. Faida ya mwaka haiguswi. Kumbuka kodi iliyoahirishwa: kwa kiwango cha asilimia 30 cha kodi ya makampuni, 1,762,800 inatolewa kwenye akiba na kuwekwa kama dhima. Hapa chini naendelea na tarakimu za kabla ya kodi ili mtiririko uonekane.

Kinachoingia kwenye akiba si lazima kiwe faida yote ya forwadi. Unachukua kilicho kidogo kati ya faida ya forwadi tangu mwanzo na ongezeko la gharama ya oda tangu mwanzo, vyote kwa thamani ya leo. Forwadi ikizidi, ziada inakwenda kwenye faida na hasara. Kwetu vinalingana, isipokuwa punje inayotokana na faida ya benki kwenye bei, ambayo kwa oda ya ukubwa huu nimeiacha.

Hatua ya 5: Tarehe 15 Septemba, malipo na bidhaa

Dola leo ni 2,735. Forwadi inaiva ikiwa na thamani ya (2,735 − 2,655) × 100,000, yaani 8,000,000. Kwanza pandisha thamani yake kutoka pale ilipoachwa Juni:

Debiti: Forwadi, 2,124,000
Krediti: Akiba ya kinga, 2,124,000

Akiba sasa ina 8,000,000. Kisha benki inachukua shilingi na kutoa dola:

Debiti: Akaunti ya dola (100,000 × 2,735), 273,500,000
Krediti: Akaunti ya shilingi, 265,500,000
Krediti: Forwadi, 8,000,000

Dola zinakwenda kwa msambazaji na pawatila zinaingia vitabuni kwa bei ya papo kwa papo:

Debiti: Bidhaa, 273,500,000
Krediti: Akaunti ya dola, 273,500,000

Ingizo la mwisho ndilo linaloikutanisha faida na kitu kilichokingwa:

Debiti: Akiba ya kinga, 8,000,000
Krediti: Bidhaa, 8,000,000

Pawatila zimesimama ghalani kwa 265,500,000, sawa na 5,310,000 kila moja. Ndiyo bei tuliyofunga Mei. Angalia kwamba ingizo hili linatoka kwenye akiba kwenda moja kwa moja kwenye bidhaa. Halipiti kwenye faida na hasara, wala halirudi kupitia mapato mengine ya jumla. Wahasibu wengi hulipitisha huko kwa mazoea ya "kurudisha" faida iliyokaa kwenye mtaji. Utaligundua kosa hilo kwa kuangalia faida ya Septemba: ikionyesha milioni 8 kabla pawatila hazijauzwa, ingizo limepotea njia.

Ingekuwa msambazaji ameleta mzigo Septemba na kukubali alipwe Novemba, mambo yangebadilika baada ya mzigo kupokelewa. Deni la dola linathaminiwa upya kila unapofunga hesabu na tofauti inaingia kwenye faida na hasara. Forwadi inayobaki nayo unaweza kuiacha iingie hapohapo, na zitasawazishana zenyewe bila karatasi ya kinga kwa kipindi hicho.

Hatua ya 6: Pawatila zinauzwa

Kuanzia hapa hakuna ingizo la kinga. Faida imeyeyuka ndani ya gharama ya bidhaa, inatoka kidogo kidogo kadiri zinavyouzwa. Kila pawatila inayoondoka Mwanjelwa inabeba shilingi 160,000 zake. Zikiuzwa 40 kabla ya Krismasi, 6,400,000 ya faida ya forwadi imeshapunguza gharama ya mauzo, na 1,600,000 imekaa ghalani na pawatila 10 zilizobaki.

Bei ya kuuza ikiwa 6,500,000, faida ghafi kwa kila moja ni 1,190,000. Asiyefanya uhasibu wa kinga angeonyesha 1,030,000 kwa pawatila zilezile, kwa sababu gharama yake ghalani ni 5,470,000, na milioni 8 zake zilikwisha kutajwa pembeni, nyingine mwaka jana na nyingine Septemba. Ukijumlisha miaka yote miwili wako sawa hadi shilingi ya mwisho. Lakini meneja anayepanga bei ya msimu ujao kwa kuangalia faida ya kila pawatila atakuwa anasoma namba isiyomwambia alichokilipa kweli.

Shilingi ikipanda badala ya kushuka

Tuseme 15 Septemba dola imeshuka hadi 2,450. Forwadi ina hasara ya 20,500,000, na hasara hiyo imekuwa ikikaa kwenye akiba upande wa debiti. Bidhaa zinaingia kwa 245,000,000, hasara inaongezwa juu yake, na tunarudi palepale 265,500,000. Kinga imefanya kazi yake, hata kama mwenye duka atanuna siku nzima.

Shida ni jirani ambaye hakufunga. Yeye pawatila imemgharimu 4,900,000, na anaweza kushusha bei. Hapa kuna kipengele kinachosahaulika: kama hasara iliyo kwenye akiba haitarajiwi kurudi kupitia mauzo, sehemu isiyorudi inatolewa mara moja kwenda faida na hasara, haingoji kupakiwa kwenye bidhaa. Na bidhaa zikishaingia ghalani, kanuni ya kawaida inabaki, kwamba hazikai vitabuni kwa zaidi ya kile utakachopata ukiziuza baada ya kutoa gharama za kuuzia. Kwa mfano wetu, hata bei ikishuka hadi 5,800,000 bado gharama ya 5,310,000 inarudi, ukiondoa usafiri na ushuru ambao wewe utauongeza. Ikifika 5,200,000, hairudi.

Meli ikichelewa, oda ikipungua

Forwadi haijui habari za meli. Tarehe 15 Septemba benki inataka shilingi zake hata kama mzigo bado uko baharini na nyaraka hazijafika. Unaweza kuzipokea dola na kuziweka kwenye akaunti ya dola hadi zitakapohitajika, au kuisogeza forwadi kwa kufunga ya zamani na kufungua mpya ya Oktoba. Ukijua msambazaji wako ni wa kuchelewa, omba tangu mwanzo forwadi yenye dirisha, tuseme kati ya 15 Septemba na 15 Oktoba. Bei yake huwa mbaya kidogo, kwa sababu benki huchukua siku inayokuumiza wewe na kuisaidia yenyewe.

Vitabuni, kuchelewa peke yake hakuvunji kitu. Mradi ununuzi bado unatarajiwa, 8,000,000 zinabaki kwenye akiba zikisubiri pawatila. Ukizishika dola mkononi, mabadiliko ya bei yake kuanzia hapo ni ya faida na hasara, isipokuwa umeziteua nazo kama kinga. Forwadi mpya inahitaji karatasi mpya, au karatasi ya kwanza iwe ilitaja kwamba kusogeza ni sehemu ya mpango.

Oda ikipunguzwa ni habari nyingine. Msambazaji akisema ana pawatila 30 tu, na 20 zilizobaki hazitakuja kabisa, basi dola 40,000 hazina tena kitu cha kukinga. Asilimia 40 ya akiba inatolewa siku hiyo kwenda faida na hasara, na sehemu hiyo ya forwadi inaendelea kuthaminiwa hapohapo mpaka iive. Benki bado itakudai shilingi za dola zote 100,000. Ndiyo maana mimi humshauri muagizaji anayeanza na msambazaji mgeni afunge dola 60,000 au 70,000 kwanza, na karatasi ya kinga iseme wazi kwamba kilichokingwa ni dola hizo za kwanza za oda. Hapo zikifika 35 badala ya 50, kinga nzima bado ina kitu cha kushika.